Macho ya Shemeji Mbele ya Ukuta wa Kijani

Nilichelewa kumpeleka shemeji yangu hospitali kwa wiki tano, na sababu ilikuwa taa. Nasema mapema ili msomaji asije akafikiri naficha. Watu wengine watakwambia mambo ya Mungu. Mimi nakwambia taa.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Kamera nilijifunza kwa kubeba mkoba wa mpiga picha mmoja wa Mombo, na studio yangu ya Soni niliijenga kwa picha za vitambulisho, za vipaimara, za maulidi na za harusi. Ukuta wa ndani aliuchora shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa rangi. Alichora ziwa, mlima wenye theluji, ndege ya abiria, na bata weupe wanne. Ziwa la namna hiyo halipo Usambara nzima, lakini watu walikuja kutoka Lukozi na Bumbuli kupigwa picha mbele yake. Nadhani nusu ya nyumba za tarafa hii zina wale bata ukutani.

Simu zilipokuja wateja wakaisha. Ndipo binti yetu, mwalimu wa sekondari huko Dodoma, akaja likizo na kompyuta yake ya zamani akasema, "Baba, una picha za filamu za miaka yote ile. Soni bila lami, gulio la Lushoto la zamani, misitu kabla haijakatwa. Na mjomba anajua habari za kila mahali. Msimamishe ndani ya picha zako, azungumze. Washambaa walioko mbali watatazama."

"Nimsimamishe vipi ndani ya picha?"

Akanionyesha. Kuna programu inaitwa OBS, haiuzwi, unaipakua tu. Unaweka kamera, unaweka picha chini yake, na kwenye kamera unaongeza kichujio kinachoitwa Chroma Key. Kichujio kile kinatafuta kijani na kukitoboa. Penye kijani panakuwa tundu, na kwenye tundu inaonekana picha ya chini. Kwa hiyo ukuta ukiwa kijani kitupu na mtu si kijani, mtu anabaki, ukuta unaondoka. Maneno yake ya Kizungu nayatambua kwa sura kama ninavyotambua mbuzi wangu. Niliuliza mara moja, nikaelewa.

Tatizo likawa ukuta. Mrefu na mpana wa kutosha ulikuwa mmoja tu, wa bata.

Nilimwita shemeji nikamweleza kwamba lazima upakwe kijani kitupu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akautazama ukuta wake muda mrefu.

"Kwa hiyo unataka nijizike mwenyewe," akasema.

"Bata wale wana shingo za twiga, shemeji. Hata wao wamechoka."

"We darasa la nne, kompyuta umeisomea wapi?"

"Na wewe uliyefika la saba, ndege yako ina mabawa matatu."

Tulicheka. Kesho yake akaja na ndoo. Hakuniruhusu nipige picha ya ukuta kwanza. Alisema ninazo picha zake elfu. Ninazo kweli, ila katika zote kuna mtu amesimama mbele.

Alipiga rangi ya mafuta, ile inayong'aa, kwa sababu kwa fundi wa huku rangi isiyong'aa ni rangi ya maskini. Alipiga mikono mitatu, na ukuta ukawa kama bakuli jipya la plastiki. Nikawasha taa, nikafungua kichujio, nikamsimamisha. Nyuma yake likatokea gulio la Lushoto la zamani, na katikati ya gulio madoa mawili makubwa meupe, kama kuna mtu amemwaga unga. Taa zangu zilikuwa zinajitazama ukutani. Penye mng'ao pale si kijani tena, ni nyeupe, na kichujio hakijui kutoboa nyeupe.

"Rangi yako inang'aa mno," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo sifa yake!"

"Hapa ni kosa lake. Nataka rangi ya maji, iliyokufa kabisa."

Akarudia. Mara hii nikaona kwa kamera kwamba juu kumekuwa na kijani chepesi na chini kizito. Alikuwa ameshusha rangi taratibu, kama anavyoshusha mbingu akichora. Nilimgombeza. Akasema katika maisha yake hajawahi kupaka kitu kikawa bapa, mkono unakataa. Akapaka mara ya tatu akiwa ameuma meno, na nikaona anasimama kila baada ya muda kujikuna mikono na tumbo. Nikasema ni rangi. Yeye pia akasema ni rangi.

Hilo la kujikuna lilikuwa dalili ya kwanza.

Kipindi cha kwanza tulikirekodi hivyo hivyo. Nilikuwa na balbu mbili za njano za harusi upande mmoja na taa ndefu nyeupe upande wa pili. Pembe za ukuta zilikuwa na giza, na kwenye picha hazikutoboka, zikabaki kama moshi wa kijani. Mimi, kwa ujuaji, nikachagua rangi ya kutoboa kwa mkono kutoka kwenye ile pembe yenye giza, kijani kilichofifia, karibu na kijivu. Kisha kitelezi cha Similarity, kinachoamua rangi zinazofanana na hiyo zitobolewe kiasi gani, nikakisukuma kutoka mia nne mpaka karibu mia saba. Moshi ukaisha. Shemeji akasimama ndani ya gulio, akasalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi!" kwa sauti yake ile ya msikitini, akaanza kueleza nani alikuwa anauza nini wapi. Alieleza vizuri sana. Nikampelekea binti.

Akapiga simu jioni ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona. Baba, kipindi ni kizuri, lakini mjomba naona mabati ya gulio ndani ya macho yake."

Nikarudi kutazama. Kweli. Pale panapotakiwa kuwa peupe, kando ya mboni, pametoboka. Macho yake yalikuwa matundu mawili, na nyuma ya matundu watu wa zamani wanapita na vikapu. Kingo za masikio nazo zimeliwa.

"Similarity umeipandisha mno," binti akasema. "Ukiipandisha sana inatoboa na rangi za jirani. Usitibu kwa kitelezi, baba. Tibu taa. Ukuta ukiwa na mwanga sawa kila mahali, hutahitaji kuipandisha."

Hilo lilinigusa. Nimekaa na taa maisha yangu yote, halafu mtoto niliyemsomesha kwa taa hizo hizo ananiambia tibu taa. Nikasema sawa, mtaona.

Mke wangu alikuwa anatazama nyuma ya bega langu. Akasema, "Mbona macho ya kaka yangu yako hivyo?"

"Ni kichujio."

"Siyo matundu. Naongelea hapa pembeni palipobaki. Pana njano."

"Ni balbu za harusi. Zinatoa njano."

"Hata juzi, alipokuja kunywa chai, niliona."

"Jikoni kwako kuna balbu gani?"

Akageuka kurudi jikoni. Jikoni kwetu kuna balbu ya njano. Nilijiona nimeshinda.

Wiki mbili zilizofuata nilizifanyia kazi ambayo bado najivunia, na hilo ndilo linalonitesa. Nilitoa kabatini mita ya mwanga ya enzi za filamu. Nikanunua taa ndefu nne za aina moja, za boksi moja, nyeupe ya mchana. Mbili nikaziweka kushoto na kulia kwa ajili ya ukuta peke yake, kila moja imeelekezwa upande wa mbali ili zipishane katikati, na mbele yake nikatundika shuka nyeupe kulainisha mwanga. Mbili za shemeji nikaziweka mbele, zisiguse ukuta. Yeye nikamsogeza hatua tatu kutoka ukutani ili kivuli chake kianguke sakafuni na kijani kisimrukie mabegani. Dirishani nikapigilia blanketi, kwa sababu Soni ukungu ukipita nje mwanga hubadilika mara tatu katika sentensi moja. Kwenye kamera nikazima kila kinachojiamulia chenyewe.

Kisha nikapita na mita ukutani sehemu tisa, juu, kati, chini. Nilisogeza taa, nikapima, nikasogeza tena. Siku ya nne sindano ikasimama mahali pamoja sehemu zote tisa. Hata kwenye studio za mjini sijui kama wanafika hapo.

Shemeji alikuwa anakaa kwenye kiti akinisubiri. Alikuwa amepungua. Koti lake la kahawia lilimlegea mabegani, nikambana kwa pini nyuma kama ninavyowabana maharusi.

"Unakula?" nilimuuliza.

"Chakula kinanichefua tu kidogo. Tumbo la uzee."

"Simama wima. Unaniharibia mwanga."

Nilimwambia hivyo. Sikusema kwa ubaya, ila nilisema.

Nikarudisha kichujio mwanzo, kijani chake cha kawaida, Similarity nikashusha chini ya mia nne. Ukuta wote ukaondoka mara moja, pembe na kila kitu. Masikio yakarudi. Macho yakarudi. Hakuna tundu hata moja. Nilipiga kofi, na shemeji akapiga kofi bila kujua tunashangilia nini.

"Macho yamerudi!"

"Yalikuwa yamekwenda wapi?"

Ila yalikuwa yamerudi na njano yake. Njano yenye kijani ndani. Balbu za harusi sikuwa nazo tena, nilizitoa kwa mkono wangu. Nikasema basi ni kijani cha ukuta kinamrukia. Kwenye kichujio kuna kitelezi kingine cha kuondoa kijani kilichomrukia mtu, kinaitwa Key Color Spill Reduction. Kinafifisha rangi zilizo jirani na kijani, zinakuwa kijivu. Nikakisukuma huku natazama macho yake kwenye kioo cha kompyuta. Njano ikapungua. Nikasukuma. Ikapungua. Nikafika mahali macho yakawa meupe, meupe kama ya kijana, na uso umepauka kidogo lakini si sana.

Nilimponya kwa kidole.

Tukarekodi vipindi vitatu hivyo. Msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni, barabara ya Mazinde kabla ya lami. Binti akaviweka mtandaoni, na watu wakaandika kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Ulaya, wakasema mzee anaonekana mzima, Mungu amzidishie. Nilimsomea mwenyewe, polepole, neno kwa neno. Mke wangu aliuliza tena habari ya macho, nikamwekea kipindi cha tatu, nikasimamisha picha usoni. "Haya, njano iko wapi?"

Akatazama. Akasema, "Hapo hakuna."

"Basi."

"Hapo hakuna," akarudia, akaondoka.

Kipindi cha tano kilitakiwa kiwe cha gulio la Bumbuli. Asubuhi ile umeme ulipungua na kuongezeka, nikaogopa kamera imepoteza rangi. Dawa ya hilo naijua toka zamani. Unashika karatasi nyeupe mbele ya uso, unaiambia kamera hii ndiyo nyeupe, na rangi nyingine zote zinajipanga nyuma yake. Nikampa shemeji karatasi aishike shavuni. Kichujio nilikuwa nimekizima, na ukuta ulikuwa wazi nyuma yake, kijani, bapa.

Karatasi ikawa nyeupe kabisa. Macho yake pembeni ya karatasi yalikuwa ya rangi ya ukindu mkavu.

Nilipima tena. Nilibadilisha karatasi. Nilizima taa ya kushoto, nikazima ya kulia. Shemeji akasema, "Leo unatafuta nini, shemeji?" Niling'oa blanketi dirishani, misumari ikaruka. Nje kulikuwa na ukungu, na mwanga wa ukungu ndio mwanga sawa kuliko wote niliowahi kuutengeneza. Nikamshika kidevu nikamgeuza dirishani.

"Mkojo wako ukoje?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu."

"Kama chai ya rangi," akasema. "Tangu mwezi wa mfungo. Nilidhani ni maji sinywi."

Nilimwita mke wangu kwa simu. Alikuja amefunga kanga kiunoni na unga mkononi. Alimtazama kaka yake mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Nilikwambia."

Nilizima taa zote nne.

Siku ile ile tukapanda hospitali ya Lushoto. Wakatazama macho, viganja, tumbo, wakatuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa, tukateremka Mombo tukaenda. Huko walimpitisha kwenye mashine. Daktari, kijana mpole, alituita mimi na mke wangu akasema kuna uvimbe umeziba njia ya nyongo, na umeshatoka ulipoanzia umefika kwenye ini.

Akauliza, "Macho yalianza lini kuwa ya njano?"

Mke wangu alinigeukia. Alikuwa ananiachia.

"Wiki tano ninazo kwenye video," nikasema. "Kabla ya hapo sijui."

"Na hamkuona?"

"Niliona. Nilidhani ni taa."

Aliandika. Nilimuuliza kama tungekuja wiki tano nyuma ingekuwaje. Alisema ugonjwa huu mara nyingi hujificha, hawezi kusema ingesaidia na hawezi kusema isingesaidia. Alisema kwa huruma. Ningependelea anitukane. Walimwekea mrija mdogo wa kupitisha nyongo apate nafuu ya kuwashwa, wakaturudisha nyumbani.

Alikaa kwetu, chumba cha mbele. Siku moja, nadhani alikuwa na nguvu kidogo, alisema anataka kurekodi. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Nitapumzika sana. Nipeleke." Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kama pazia.

Nikamwuliza anataka kusimama wapi. Nina Bumbuli tayari, nina Mtae, nina gulio.

"Nataka ziwa langu," akasema.

Nilitafuta. Makasha yote ya filamu, usiku na mchana ningetafuta nisingelipata, lakini nilitafuta mbele yake kwa saa nzima ili aone natafuta. Kila picha ina bwana harusi amesimama juu ya mlima, ina mtoto wa kipaimara ameziba bata wawili, ina hajati amekaa mbele ya ndege. Ziwa tupu halipo. Hatukuwahi kupiga ukuta bila mteja, nani angelipia filamu ya ukuta?

"Hata bata mmoja?" akauliza.

"Wa pembeni anaonekana nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya nyuma."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi acha. Toa dawa yako hiyo ya kijani. Nipige hapa nilipo."

Nikazima Chroma Key. Nyuma yake ukabaki ukuta alioupaka akiuma meno. Alikaa kwenye kiti cha wateja, koti limebanwa kwa pini, macho ya njano kama yalivyo, na taa yangu iko sawa sehemu zote tisa. Hakueleza habari za mahali popote. Alieleza jinsi ya kuchanganya rangi ya mbingu ya asubuhi, nyeupe kiasi gani, bluu kiasi gani, na kwamba usisahau tone la njano. Dakika kumi na moja. Kisha akasema, "Imetosha," akaniangalia mimi, si kamera.

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, alfajiri. Tulimzika baada ya alasiri, ukungu ukiwa umekaa chini mpaka hatukuona wa mwisho kwenye mstari.

Siku ya arobaini binti alikuja. Wageni waliomba waoneshwe mzee wao kwenye kompyuta, kwa sababu wengi walikuwa wamemtazama kwa mbali. Nikafungua kipindi cha maporomoko, kile chenye macho meupe, maana ndicho watu walichokipenda. Nilikuwa nimeshaweka kidole.

Mke wangu alikuwa ameketi na wanawake upande wa ndani. Alisema bila kunyanyua sauti, "Siyo hiyo. Huyo simjui. Weka ile yenye macho yake."

Binti akanitazama. Nikaiweka ile ya kiti. Watu walisikiliza tangu mwanzo mpaka kwenye tone la njano. Mzee mmoja wa Lukozi aliguna tu, akasema, "Kumbe alikuwa hivi." Mke wangu alitazama mpaka mwisho, akanyanyuka kwenda kupakua chakula, na aliponipita hakunigusa bega kama ilivyo desturi yake.

Ukuta bado ni kijani. Juzi alikuja mtu kutaka picha ya kitambulisho. Kabla sijawasha taa yoyote nilimshika mkono nikampeleka dirishani, nikamwambia afumbue macho vizuri. Aliniona mwendawazimu. Nilimtazama kwa muda, macho yake yalikuwa meupe, nikamrudisha mbele ya kamera.